Paka wa Sokoke na damu ya ukoo mmoja

Mwaka 1978, karibu na Watamu huko Kenya, Jeni Slater alikuta watoto wa paka wenye rangi kama gome la mti. Wagiriama walikuwa wakiwajua paka hao. Mwaka 1984 baadhi walipelekwa Denmark kufugwa kama kabila safi. Walikuwa wachache mno, ndugu wakapandishwa na ndugu, hata baadaye ikabidi kutafuta damu mpya Kenya.

Kasoro iliyojificha kwa baba ikikutana na ileile ya mama, mtoto anaugua. Paka wa Kiajemi, yeye, alichaguliwa uso bapa makusudi: anakoroma, machozi hayakauki. Paka wetu wa kuchanganyika naye huweza kuugua moyo, ila kasoro hazirundikani kwake upesi hivyo.