Kumbukumbu, Muhtasari au Orodha ya Kazi?

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima Khayega, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu. Kuna mkutano niliukosa. Jumanne asubuhi mwenzangu akanitumia ujumbe wa sauti pamoja na unukuzi wake, yaani maneno yale yale yakiwa yameandikwa na simu bila nukta wala aya. Hakusema nifanye nini nao.

"haya katibu jana tulikuwa saba mwenyekiti alikuwa na mgonjwa hakufika sasa ile mbolea tumesema tununue magunia kumi kabla ya mvua mweka hazina aende benki kesho kutwa saa nne na yule dada wa mkopo atalipa mwezi huu"

Jina utakaloliita andiko lako ndilo litakaloamua uandike nini. Hapa Kenya wanafunzi hufundishwa kuandika kumbukumbu za mkutano: waliohudhuria, waliotuma udhuru, ajenda na maamuzi. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, andiko hilo hilo huitwa muhtasari wa kikao. Kwetu muhtasari ni ufupisho tu, kwa hiyo mtu akikuomba "muhtasari", muulize kwanza anamaanisha upi. Orodha ya kazi nayo hutaja nani afanye nini na lini, basi.

Kwa kuwa hakuna agizo, dalili zimo ndani ya maneno yenyewe. "Tulikuwa saba", "hakufika" na "tumesema" ni lugha ya kumbukumbu, hivyo nikaandika kumbukumbu, na juu yake nikaweka mstari mmoja wa kumwambia mwenzangu kwamba nimechukulia hivyo. Chini nikaongeza orodha fupi ya kazi. Kwa kuwa ujumbe ulitumwa Jumanne, "kesho kutwa" ikawa Alhamisi, na "saa nne" nikaiandika saa nne asubuhi, maana benki haifunguliwi usiku. Anayeinakili kama 4:00 huenda akampeleka mweka hazina benki ikiwa imefungwa. Majina ya wale saba hayakutajwa, wala atakayenunua mbolea. Nikaacha nafasi wazi. Kumpachika mtu kazi kwa kukisia ni kumdhulumu.

Kilichonitia wasiwasi ni "atalipa". Wengi wetu tukisema haraka hatuitamki *h* ya mwanzo, na simu haiwezi kuandika isichokisikia. Nikarudi kwenye sauti, nikaisikiliza mara tatu. Kabla ya neno hilo mwenzangu alishusha pumzi, kisha akasema mume wa dada huyo amelazwa. Simu ilikuwa imeyaruka maneno hayo. Nikampigia: ni *hatalipa*, na wanachama wamemwongezea mwezi mmoja.

Kumbukumbu zikishasomwa na kuthibitishwa katika mkutano unaofuata, mwenyekiti na katibu hutia sahihi, na hapo ndizo zinazotegemewa ukizuka ubishi. Katibu mwenzangu, usiufute ujumbe wa sauti kabla ya sahihi hizo.