Damu, maumivu ya chini ya tumbo na uchafu wenye kunuka: wakati gani ni kansere ya shingo ya kizazi

Hapa Kambove, mama akiona uchafu unatoka kwenye uke na unanuka, jina la kwanza linalokuja mudomoni ni «infeksio». Mara nyingi ni kweli, ni infeksio. Lakini kuko ugonjwa mwingine ambao unaweza kujificha nyuma ya alama zilezile kwa miezi mingi: kansere ya shingo ya kizazi. Hapa tunaeleza inaanza namna gani, juu ya nini inatoa damu na harufu, nini inaidanganya familia na hata muuguzi, na juu ya nini kipimo na chanjo vinafanyika mbele ya alama hizo kuonekana.

Shingo ya kizazi ni nini, na ugonjwa unatokea wapi

Shingo ya kizazi ni mulango wa kizazi, ile sehemu ya chini inayoingia ndani ya uke. Ndiyo inayofunguka wakati mama anazaa. Huwezi kuiona kwa inje, wala kwa kubonyeza tumbo. Muganga anaiona tu akiweka chombo kinachoitwa spekulomu, ambacho kinafungua uke taratibu, na akiwasha taa.

Karibu kila kansere ya pale inatokana na virusi vinavyoitwa HPV. Vinapita kwa kufanya mapenzi, na ni vya kawaida sana: watu wengi, wanaume na wanawake, wanavipata siku moja katika maisha bila kujua. Kwa hiyo kuwa na HPV si alama ya umalaya, na mama aliyeishi na bwana mumoja tu anaweza kuwa navyo. Kwa wengi mwili unavifukuza peke yake kati ya muaka mumoja na miaka miwili. Kwa wachache vinabakia. Pale vinabakia, vinaanza kubadilisha ngozi ya shingo ya kizazi polepole. Kutoka mabadiliko hayo mpaka kansere yenyewe, kwa kawaida inapita miaka 15 mpaka 20. Kwa mama mwenye virusi vya SIDA asiyepata dawa, njia inakuwa fupi, miaka 5 mpaka 10, juu mwili wake hauna nguvu ya kupigana.

Katika ile miaka yote, mama hasikii kitu. Hana damu, hana maumivu, hana harufu.

Juu ya nini damu, juu ya nini harufu, juu ya nini maumivu

Alama hizi tatu hazitoki kwa sababu moja, na kwa kawaida hazifiki siku moja.

Damu ndiyo mara nyingi inatangulia. Kidonda cha kansere kina mishipa midogo ya damu ambayo ni laini sana. Kikiguswa, kinatoka damu. Ndiyo maana mama anaona damu kisha kulala na bwana yake, ao kati ya siku zake mbili za mwezi, ao siku za mwezi zinakuwa ndefu na nzito kuliko zamani. Alama kubwa kupita zote ni damu kwa mama ambaye siku zake zilikuwa zimekwisha kukoma muaka mumoja ao zaidi. Wengi wanafurahi na kusema «ujana umerudi». Siku za mwezi zikikoma muaka muzima, hazirudi. Damu ile inapaswa kupimwa kila mara, hata ikiwa tone moja.

Harufu inafuata. Kansere inakua haraka kuliko damu inavyoweza kuilisha, basi sehemu ya nyama yake inakufa na kuoza. Vijidudu vinavyoishi pahali pasipo hewa vinaingia mule. Hapo maji maji yanatoka, wakati mwingine na rangi ya damu, na harufu ambayo kuoga hakuiondoe.

Maumivu ya chini ya tumbo, ya kiuno ao ya mugongo yanakuja nyuma, wakati kansere imetoka kwenye shingo ya kizazi na kusukuma mishipa na viungo vya pembeni. Muguu mumoja unaweza kuvimba. Mifereji inayotoa mukojo kwenye figo inaweza kufungwa, na mama anakojoa kidogo sana. Kwa wengine mukojo ao choo inaanza kupita kwenye uke. Mama anayengoja maumivu ili aende hospitali anakuwa amengoja alama ya mwisho.

Dawa inayodanganya

Tuchukue mufano, ambao si mutu fulani. Mama wa miaka 48, amezaa watoto sita, anaona damu kidogo kisha kulala na bwana yake. Hasemi, ni haya. Kisha miezi mine, maji yenye kunuka yanaanza. Anaenda farmasi, anaeleza kwa sauti ya chini, wanamuuzia vidonge vya metronidazole vya siku saba. Harufu inapungua. Anashukuru Mungu. Kisha majuma matatu inarudi. Ananunua tena, na antibiotiki ingine juu yake. Inapungua tena, inarudi tena. Mutu anamushauri aoshe ndani kwa maji ya chumvi na dawa ya miti; anafanya hivyo, na damu inaongezeka. Anaanza kuchoka, kizunguzungu, viganja vinakuwa vyeupe. Siku anafika hospitali, wanamupa damu kwanza. Ni pale tu wanaweka spekulomu, na wanaona uvimbe kama maua ya shu-flere unaotoka damu ukiguswa. Tangu damu ya kwanza, muaka umepita.

Nini ilidanganya? Metronidazole inaua vile vijidudu vinavyoleta harufu, hata kama vinaishi ndani ya kansere. Kwa hiyo harufu inapungua kweli. Lakini kansere yenyewe dawa haiigusi. Kupungua kwa harufu si ushahidi kwamba ilikuwa infeksio tu.

Kanuni inayotoka hapa ni rahisi. Uchafu ukirudi kisha dawa mara moja kumalizika vizuri, usinunue mara ya pili: omba uangaliwe kwa spekulomu. Na kukiwa damu pamoja na ule uchafu, usingoje hata ile mara ya kwanza.

Haya yote hayasemi kwamba kila damu ni kansere. Infeksio ya kizazi na mirija, fibrome, polipe, mimba inayoharibika, vyote vinaweza kuleta damu na maumivu. Mama kijana aliyekosa siku zake, kisha anapata damu na maumivu makali upande mumoja, ao anazimia, akimbizwe siku ileile: inaweza kuwa mimba nje ya kizazi. Damu inayolowesha kitambaa kimoja kila saa, nayo ni ya haraka.

Nini inafanyika hospitalini

Muganga akiona kidonda, anakata kipande kidogo sana na kukituma kwenye laboratware inayoangalia nyama. Hiyo ni biopsi, na ndiyo peke yake inayothibitisha. Wanapima pia wingi wa damu, virusi vya SIDA, na ekografi ya figo. Kisha wanaangalia kansere imefika wapi. Ikiwa ingali ndogo ndani ya shingo ya kizazi, operasyo inaweza kuitoa. Ikiwa imepita pembeni, dawa yake ni mionzi, ya inje na ya ndani, pamoja na dawa ya kimyo. Mashine za mionzi ni chache katika inchi yetu, na familia nyingine za Katanga zinavuka Kasumbalesa kwenda Lusaka kuitafuta. Safari, chakula na majuma mengi ya kulala huko vinahesabiwa falanga mbali na matunzo yenyewe.

Kipimo cha wale wasio na alama

Hapa watu wanachanganya. Kipimo cha kutafuta ni cha mama anayejisikia muzima. Mama mwenye damu na harufu haendi kungoja siku ya kampeni ya vipimo; yeye anahitaji uchunguzi wa ugonjwa sasa.

Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri kuanza kwenye miaka 30, na miaka 25 kwa mama mwenye virusi vya SIDA. Kuko kipimo cha HPV, ambacho majimaji yanachukuliwa na burushi ndogo, na mama anaweza kuichukua mwenyewe. Kikiwa kizuri, kinarudiliwa kisha miaka 5 mpaka 10. Kwa mwenye virusi vya SIDA, miaka 3 mpaka 5. Kuko pia kipimo cha asidi asetiki, yaani maji kama ya vinegre, ya asilimia 3 mpaka 5. Muuguzi anapaka kwenye shingo ya kizazi, anangoja dakika moja, anaangalia. Ngozi iliyobadilika inageuka nyeupe. Kinaunguza kidogo tu, na jibu ni palepale. Kasoro yake ni mbili: infeksio ya kawaida inaweza pia kuonyesha weupe, na kwa mama ambaye siku zimekoma ile sehemu ya kuangalia imeingia ndani, haionekani vizuri. Kwake kipimo cha HPV ni bora.

Doa jeupe kwa kawaida si kansere. Linachomwa kwa baridi ao kwa joto kwa dakika chache, bila kulazwa. Kisha maji mengi yanaweza kutoka kwa majuma kadhaa, na bwana anapaswa kuvumilia karibu mwezi mumoja. Jirani zetu wa Zambia walianza kazi hii Lusaka mwaka 2006: wauguzi, si madokta wakubwa, walipaka asidi, wakapiga picha ya shingo ya kizazi, na kutibu siku ileile. Mpaka 2013 walikuwa wamepima zaidi ya wanawake 100 000.

Chanjo

Chanjo ya HPV inapewa wasichana wa miaka 9 mpaka 14, mbele ya kuanza mapenzi, juu inazuia virusi kuingia; haivitoi vikiisha kuingia. Kwa umri ule, dozi moja ao mbili zinatosha. Msichana mwenye virusi vya SIDA anahitaji mbili kwa uchache, na bora tatu. Aina mbili za HPV, 16 na 18, ndizo zinaleta karibu kansere saba kwa kumi, na chanjo zote zinazizuia. Juu zinabakia nyingine, msichana aliyechanjwa bado atapimwa akikua. Rwanda ilianza kuchanja inchi nzima mwaka 2011, ya kwanza Afrika. Haina virusi vilivyo hai ndani yake, na haifungi uzazi.

Ukienda kwenye kituo cha afya, uliza maneno matatu: muko na spekulomu na taa? Munafanya kipimo cha asidi ao cha HPV, na bei gani? Doa jeupe likionekana, munalichoma hapa ao munatuma wapi? Na kwa mama mwenye alama, mbele ya kuondoka: usioshe ndani na usiweke dawa yoyote kwa siku mbili, na andika tarehe ya damu ya kwanza na majina ya dawa zote ulizokunywa. Muganga akijua kwamba metronidazole imepita mara mbili na harufu imerudi, anajua pa kuangalia.