Bei Safi, Bei Chafu

Katika soko la hatifungani neno "chafu" limebandikwa mahali lisipostahili. Bei chafu haina hila wala rushwa, wala si bei ya magendo. Ni fedha zile zile zitakazotoka kwenye akaunti yako siku ya malipo. Bei safi, yenye jina la kupendeza, ndiyo inayotangazwa na kunukuliwa, lakini ukinunua katikati ya kuponi mbili hakuna atakayekukabidhi hati kwa bei hiyo.

Tuchukue hatifungani ya Serikali ya Kenya. Hulipa kuponi kila baada ya siku 182, yaani wiki 26 kamili, na ndiyo maana ikitolewa Jumatatu kuponi zake nazo huangukia Jumatatu. Tuseme thamani yake ya usoni ni shilingi 100,000 na riba yake ni asilimia 13 kwa mwaka. Kila kuponi basi ni shilingi 6,500. Mwenye nayo ameishika siku 70 tangu kuponi ya mwisho, sasa anataka kuuza, nawe umekubali bei ya 98 kwa kila 100.

Serikali haigawi kuponi vipande. Siku ya malipo ikifika itamlipa mtu mmoja tu, yule ambaye jina lake limo kwenye daftari, naye atakuwa wewe. Lakini siku 70 za kuponi hiyo si zako. Basi unamlipa muuzaji haki yake mapema: 6,500 mara 70, gawanya kwa 182, unapata 2,500 kamili. Bei safi ni 98,000. Ukijumlisha 2,500 unafika 100,500, na hiyo ndiyo inayoitwa chafu. Siku 112 baadaye unapokea 6,500. Kati ya hizo, 2,500 ni fedha zako zilizorudi nyumbani, na 4,000 ndilo pato la siku ulizoishika. Wanunuzi wa mara ya kwanza mara nyingi huzihesabu zote kuwa faida. Wengine huona ile 2,500 kwenye hati ya mauzo wakadhani ni ada ya dalali.

Hiyo 2,500 huitwa riba limbikizi. Nalipenda jina hili, ila lina mtego mmoja. Msikiaji wa "limbikizi" huwazia riba inayozaa riba, na hapa hakuna uzazi wa aina hiyo. Siku ya kwanza inaongeza shilingi 35 na senti 71, siku ya 70 inaongeza kiasi hicho hicho, na siku ya 181 vilevile. Ni hesabu ya siku tu, tena hadi siku ya malipo ya ununuzi, si siku mliyopatana bei.

Mwaka unaotumika kuhesabia nao una mila zake. Wiki 26 mara mbili ni siku 364. Ukigawanya riba ya mwaka kwa 365, siku zile zile 70 zitakupa takriban shilingi 2,493. Kwenye hati ndogo tofauti hiyo haitakunyima usingizi, lakini mfuko wa pensheni unaonunua kwa mamia ya mamilioni utaiona. Marekani hatifungani za kampuni huhesabiwa kana kwamba kila mwezi una siku 30, hata Februari!

Kwa nini basi soko linanukuu bei ambayo hailipwi? Kwa sababu bei chafu hudanganya jicho. Hata kama mtazamo wa soko haujabadilika, hupanda kila siku, kisha kuponi ikilipwa huporomoka. Hatifungani yetu ingefika 104,500 mwisho wa kipindi na kurudi 98,000 papo hapo, wala hakuna aliyepata hasara. Bei safi imeondolewa mpando huo, kwa hiyo ikitikisika ujue sababu ni nyingine, mara nyingi viwango vya riba sokoni. Siku yenyewe ya kuponi bei hizi mbili huwa moja.

Kwa hiyo "safi" na libaki, maana kweli imesafishwa. "Chafu" ningelitupa. Wamarekani wengi husema bei kamili, na Kiswahili hakihitaji kutafuta zaidi ya hapo: ni kamili kwa kuwa hakuna kinachoongezwa juu yake ila ada na tozo za soko.

Jina lolote dalali wako atakalotumia, usilinganishe bei safi ya huyu na bei kamili ya yule. Mtake aandike mistari mitatu: bei safi, riba limbikizi na jumla. Kisha gawanya ile riba kwa riba ya siku moja, ushike kalenda na uhesabu. Siku zisipolingana na tarehe ya kuponi iliyopita, usilipe kabla hajakueleza.