Barua rasmi ya biashara

Katika Mususa, mtaa mmojawapo wa jiji la Butembo, barua za ofisini huandikwa kwa Kifaransa. Kiswahili huhitajika mfanyabiashara anapomwandikia, tuseme, wakala wa forodha wa Dar es Salaam, na hapo hufaa kufuata utaratibu wa Tanzania.

Anwani ya mwandishi hukaa juu kulia. Chini yake huja Kumb. Na., kwa mfano BTB/DSM/07, kisha tarehe. Anwani ya mwandikiwa hukaa kushoto. Barua ya Kifaransa hutanguliza mada kabla ya salamu. Katika utaratibu wa Tanzania, “Ndugu” au “Mheshimiwa” hutangulia, ndipo “YAH: KUCHELEWA KWA KONTENA” ifuate kwa herufi kubwa. Nchini Kenya wengi huandika KUH.

Aya ya kwanza hutaja barua inayojibiwa, kwa kumbukumbu na tarehe yake. Ya pili hueleza tatizo, ya tatu huomba jambo moja lenye siku maalumu. Kuulizia afya ya familia, ambako ana kwa ana ni adabu, hapa huachwa.

“Wako katika ujenzi wa taifa” humfaa Mtanzania kwa Mtanzania. Mkongomani huandika “Wako mwaminifu”, kisha saini, jina na cheo.