Namna ya kupanga kanuni za hisabati kwa aina ya swali, si kwa sura ya kitabu

Wanafunzi wengi wa darasa la saba wana ukurasa mmoja nyuma ya daftari wenye kanuni zote za hisabati. Mwanafunzi anaweza kuukariri wote, ukimuuliza kanuni ya eneo la duara akakujibu papo hapo, na bado akakosa swali la duara kwenye mtihani. Mzazi aliyelipia masomo ya ziada hubaki akijiuliza tatizo liko wapi.

Mara nyingi kanuni anaijua. Asichokijua ni lini aitumie. Orodha yake imefuata sura za kitabu: mzingo, eneo, ujazo, asilimia, riba. Akiwa kwenye sura ya eneo, anajua kabla hata ya kusoma swali kwamba kanuni itakuwa ya eneo. Kwenye mtihani maswali yamechanganywa, na hakuna kichwa cha sura juu ya swali. Makala haya yanaeleza namna ya kuigeuza orodha hiyo kuwa karatasi ya kukumbushia iliyopangwa kwa aina ya swali.

Shamba moja, maswali matatu

Chukua shamba la mstatili lenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 30.

Swali la kwanza: Juma anataka kulizungushia waya mara moja. Anahitaji waya wa mita ngapi? Hapa tunazunguka pembeni. Jibu ni 2 × (40 + 30) = mita 140.

Swali la pili: Shamba lote litapandwa mahindi. Sehemu itakayopandwa ina ukubwa gani? Hapa tunafunika ardhi. Jibu ni 40 × 30 = mita za mraba 1,200.

Swali la tatu: Mtoto anakatiza shambani kutoka kona moja hadi kona ya mkabala. Anatembea mita ngapi? Hapa tunatafuta upande mrefu wa pembetatu yenye pembe mraba, kwa kanuni ya Pithagorasi. 40 × 40 ni 1,600, na 30 × 30 ni 900. Jumla ni 2,500, na kipeo chake cha pili ni 50. Jibu ni mita 50.

Shamba halikubadilika wala vipimo havikubadilika, lakini kanuni ni tatu, na kwenye kitabu zimekaa katika sura tofauti. Kwa hiyo neno "shamba" halimwambii mwanafunzi atumie kanuni gani. Hapo ndipo wengi wanapokosea wanapoanza kupanga karatasi yao: wanaweka kundi la mashamba, kundi la matangi na kundi la maduka. Panga kwa kile kinachoulizwa, si kwa kitu kinachotajwa.

Hatua za kuitengeneza

Kwanza, kata karatasi za daftari ziwe vipande vidogo. Kwenye kila kipande andika kanuni moja tu, pamoja na kipimo cha jibu lake: mita, mita za mraba, lita, shilingi au asilimia.

Pili, tafuta maswali 20 hadi 30 ya mitihani iliyopita. Usiyakokotoe. Kwa kila swali andika mambo mawili tu: linauliza nini, na jibu litakuwa katika kipimo gani. Kazi hii huchosha kuliko kukokotoa, lakini ndiyo inayofundisha.

Tatu, weka kila kipande cha kanuni pamoja na maswali yanayokihitaji. Kanuni moja inaweza kuingia makundi mawili, basi iandike mara mbili. Kanuni ambayo haikupata swali hata moja iweke pembeni. Usiitupe, ila isichukue nafasi ya zile zinazotumika kila mara.

Nne, hamishia makundi kwenye karatasi moja safi. Kila kundi lipe kichwa chenye maneno ya swali, si jina la sura. Chini yake andika vitu vitatu: dalili, kanuni na mtego. Dalili ni kile kinachokuonyesha kuwa swali ni la kundi hili. Mtego ni kosa ambalo mwanafunzi huyu hulifanya.

Mfano wa karatasi

Kundi la 1: Je, tunazunguka pembeni?
Dalili: ua, waya, kamba, mbio za kuzunguka uwanja. Jibu ni urefu.
Kanuni: mstatili ni 2 × (urefu + upana). Duara ni 22/7 × kipenyo.
Mtego: waya ukizungushwa mara tatu, zidisha kwa 3.

Kundi la 2: Je, tunafunika?
Dalili: kupaka rangi, kupanda, kutandika vigae, kuezeka. Jibu ni kipimo cha mraba.
Kanuni: mstatili ni urefu × upana. Pembetatu ni nusu × kitako × kimo. Duara ni 22/7 × nusukipenyo × nusukipenyo. Ubavu wa tangi la duara ni 22/7 × kipenyo × kimo.
Mtego: kutumia kipenyo mahali pa nusukipenyo.

Kundi la 3: Je, tunajaza?
Dalili: maji, nafaka, mchanga ndani ya chombo. Jibu ni mita za ujazo au lita.
Kanuni: eneo la kitako × kimo. Hii inatosha kwa sanduku na kwa tangi la duara.
Mtego: mita moja ya ujazo ni lita 1,000, si lita 100.

Kundi la 4: Je, ni sehemu ya mia?
Dalili: faida, hasara, punguzo, riba, waliofaulu.
Kanuni: sehemu ÷ kizima × 100. Riba ni mtaji × kiwango × muda ÷ 100.
Mtego: kizima ni kipi? Kwa faida na hasara, kizima ni bei ya kununulia. Muda wa riba uwe katika miaka, hivyo miezi 6 ni nusu mwaka.

Ona kundi la nne. Kwenye kitabu, faida, punguzo na riba vinaweza kuwa mada mbalimbali zenye kanuni zake. Ukizipanga kwa swali, unaona zote zinauliza jambo moja: kiasi hiki ni sehemu gani ya kizima? Orodha inakuwa fupi.

Mtego wa kizima

Mfanyabiashara alinunua gunia kwa shilingi 60,000 akaliuza kwa 69,000. Faida ni 9,000. Gawanya kwa 60,000, zidisha kwa 100, unapata asilimia 15.

Sasa swali ligeuzwe: aliuza gunia kwa 69,000 akapata faida ya asilimia 15. Alilinunua kwa bei gani? Wengi huchukua asilimia 15 ya 69,000, yaani 10,350, wakaiondoa na kupata 58,650. Si sahihi. Asilimia 15 ni ya bei ya kununulia, ambayo ndiyo mia. Bei ya kuuzia ni 115. Kwa hiyo 69,000 × 100 ÷ 115 = 60,000.

Kuhakiki ni rahisi: rudisha jibu kwenye swali. Asilimia 15 ya 60,000 ni 9,000, na jumla ni 69,000. Ukijaribu hivyo kwa 58,650, hufiki 69,000. Maswali haya mawili yaandike kwenye karatasi kama dalili mbili tofauti ndani ya kundi moja.

Swali linapovuka makundi

Tangi la duara lina kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 2. Bomba linaingiza lita 20 kwa dakika. Tangi tupu litajaa baada ya muda gani?

Mwanafunzi ajiulize kwanza anachotafuta. Ni muda. Ili aupate, lazima ajue tangi linachukua lita ngapi, na hilo ni kundi la kujaza. Nusukipenyo ni mita 0.7. Eneo la kitako ni 22/7 × 0.7 × 0.7 = mita za mraba 1.54. Zidisha kwa kimo: 1.54 × 2 = mita za ujazo 3.08, yaani lita 3,080. Gawanya kwa 20, unapata dakika 154, sawa na saa 2 na dakika 34.

Aliyetumia kipenyo badala ya nusukipenyo atapata mita za ujazo 12.32. Hiyo ni mara nne ya jibu sahihi, na ukubwa huo wa kosa ni alama nzuri ya kulitambua.

Kama swali la tangi hilohilo lingekuwa la kupaka rangi ubavu wake, lingekuwa la kufunika: 22/7 × 1.4 × 2 = mita za mraba 8.8. Maji yaliyotajwa kwenye swali yasimdanganye.

Kuipima karatasi

Changanya maswali 20 ya mada zote. Mwanafunzi afunike kanuni, asome swali, aseme tu ni la kundi gani. Akikosa, usimwongezee kanuni. Rekebisha dalili, kwa maneno yake mwenyewe.

Asivunjike moyo akikosa mengi mwanzoni. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, Doug Rohrer na Kelli Taylor, waliwafundisha wanafunzi wa chuo kutafuta ujazo wa maumbo manne. Waliofanya mazoezi umbo moja baada ya jingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa maswali walipata 60. Wiki moja baadaye, kwenye mtihani, wa kwanza walipata asilimia 20 na waliochanganyiwa walipata 63. Mazoezi yaliyochanganywa ni magumu kwa sababu yanamlazimu mtu kuchagua kanuni, na kuchagua ndiko mtihani unakodai.

Karatasi hii ina mipaka yake. Haimfundishi mtu kuzidisha desimali wala haielezi kwa nini kanuni ni kweli. Aidha ni ya nyumbani tu: kuingia nayo kwenye chumba cha mtihani ni udanganyifu, na matokeo yanaweza kufutwa. Wiki ya mwisho, mwanafunzi ajaribu kuiandika yote bila kutazama. Kundi litakalomtoka ndilo la kurudia jioni hiyo.