Kapu la mnunuzi: Bidhaa zipi huandamana?

Uchanganuzi wa kapu la mnunuzi ni mbinu ya kuchunguza risiti ili kubaini bidhaa zinazonunuliwa pamoja. Kanuni zake zilifafanuliwa mwaka wa 1993 na Rakesh Agrawal, mtafiti wa kampuni ya IBM wakati huo, pamoja na wenzake wawili.

Tuseme duka lina risiti 1,000. Majani chai yamo katika 200, maziwa katika 700, na vyote viwili katika 130. Hivyo, asilimia 65 ya risiti zenye majani chai zina maziwa pia. Hata hivyo, mwenye duka asidhani kuwa majani chai ndiyo yanayouza maziwa, kwani maziwa yamo katika asilimia 70 ya risiti zote. Ukigawanya 65 kwa 70 utapata 0.93. Jibu likizidi 1 ndipo bidhaa hizo huandamana kwa kweli.