Mwaka 1698 na Vita vya Wareno Mombasa

Aghalabu ya waandishi wa taarikhi ya pwani yetu, wafikapo kwenye habari ya Wareno na Waarabu wa Omani, huitaja tarehe 13 Disemba 1698, siku ilipotekwa Ngome ya Yesu ya Mombasa baada ya kuzingirwa miezi 33, kuwa ndiyo siku vita vilipogeuka. Kabla yake, husema, bahari ilikuwa ya Mreno, na baada yake ikawa ya Imamu wa Omani. Maneno hayo ni mepesi kushika, na mwanafunzi hupata alama zake kwa kuyarudia. Lakini kwa kuwa vita hivyo vilianza zamani kabla ya siku ile, na vikaendelea baada yake kwa miaka zaidi ya thelathini, ni haki tuyatie mizanini kabla ya kuyakubali.

Tukio halistahili kuitwa mgeuko wa vita kwa sababu tu lilikuwa kubwa, au kwa sababu watu wengi walikufa ndani yake. Lazima ithibitike kwamba kabla yake mambo yangaliweza kwenda upande huu au upande ule. Kwamba mwendo wake ulibadilika kwa ajili ya tukio lenyewe, wala si kwa ajili ya sababu nyingine iliyokuwa ikifanya kazi yake kimya tangu zamani. Na kwamba aliyeshindwa hakuweza tena kukirudisha alichopoteza. Kwa masharti hayo tuitazame ngome.

Wareno walipoanza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya mhandisi Mtaliani Giovanni Battista Cairati, Maskati pia ilikuwa mikononi mwao, na Mwarabu wa Omani hakuwa na bandari kubwa ya kutolea merikebu za vita. Hali hiyo ilikwisha Januari 1650, wakati Imamu Sultani bin Sefu, wa ukoo wa Wayaarubi, alipowatoa Wareno katika Maskati akarithi bandari, maghala na merikebu walizoziacha; na tangu hapo mabaharia wa Omani, ambao hapo kwanza walijilinda tu, wakaanza kumfuata adui yao popote alipokuwa. Mwaka 1652 walishambulia Unguja. Mnamo 1661 wakaingia mji wa Mombasa wakaupora, ingawa ngome iliwashinda. Mwaka 1668 wakaiteka nyara Diu, huko Bara Hindi, mahali ambapo Mreno alidhani yu salama kuliko kwingineko kote. Basi nani atakayesema kwamba bahari ilikuwa ya Mreno hata 1698? Kwa muda wa karibu miaka hamsini kabla ya hapo ilikuwa bahari ya mwenye kuthubutu, na mara nyingi mwenye kuthubutu alikuwa Mwarabu.

Tena wenyeji wa pwani hawakuwa watazamaji katika shauri hili. Pate ilikuwa upande wa Omani kwa sababu iliwachukia Wareno, ambao mwaka 1678 waliwakata vichwa watawala wa Pate, Siu, Lamu na Manda. Na Faza, iliyo kisiwa kimoja na Pate na yenye uhasama wa zamani nayo, ilikuwa upande wa Wareno kwa sababu ile ile iliyoifanya Pate iwachukie. Msomaji akiyaweka haya moyoni, hatashangaa kwa mambo yaliyotukia ndani ya ngome.

Merikebu za Imamu Sefu bin Sultani zilitia nanga Mombasa tarehe 13 Machi 1696. Ndani ya ngome mlikuwa na askari wa Kireno wapatao hamsini tu, pamoja na watu wa pwani, wake kwa waume, waliozidi elfu, ambao walikimbilia humo kwa kuwa waliambatana na Wareno, na ambao ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuilinda. Waarabu nao hawakuwa na mizinga ya kubomoa kuta zile nene za matumbawe, hata wakaridhika kukaa mjini na kungojea njaa. Njaa nayo ilichelewa, kwa sababu Mwana Fatuma, malkia wa Unguja, alikuwa akipeleka vyakula kwa siri, jambo ambalo baadaye lilimgharimu kuhamishwa kwake na kupelekwa Maskati.

Msaada mkubwa kutoka Goa ulifika siku ya Krismasi ya 1696. Hapana budi kukumbuka kwamba safari hizi zilitawaliwa na pepo: merikebu ya Goa huja na kaskazi, ya Msumbiji huja na kusi, na barua ya kuomba msaada, ikikosa msimu, majibu yake huchukua mwaka mzima. Askari wapya waliingia, nao wakakuta tauni imekwisha kuwatangulia; ugonjwa ukawaua wapya na wa zamani pamoja, mmoja baada ya mwingine, hata mwisho wa Agosti 1697 akafa ofisa wa mwisho wa Kireno, Antonio Mogo de Mello. Ngome ya mfalme wa Ureno ikabaki bila Mreno wa kuiongoza, mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake 17, Waafrika wanaume wachache na wanawake wapatao hamsini. Kwa muda wa majuma kadhaa watu hao waliwazuia wazingiraji wasiingie, mpaka katikati ya Septemba ulipofika msaada mwingine kutoka Msumbiji.

Katika msafara huo ilikuwamo merikebu ya mizinga 42 iitwayo Santo Antonio de Tanna, ambayo tarehe 20 Oktoba 1697 ilizama chini ya ngome ile ile iliyokuja kuiokoa. Wapiga mbizi wa elimu ya mambo ya kale waliichunguza baina ya 1977 na 1980, na baadhi ya vitu vilivyotolewa humo vimewekwa katika makumbusho ya ngome, ambapo kila mgeni aweza kuviona. Anayesimama mbele ya vitu hivyo anayo bayana ya jambo moja: kwamba Goa haikuisahau Mombasa. Ilipeleka merikebu, watu na baruti mara kwa mara, navyo vyote vikapotea katika shimo lisilojaa.

Mnamo Disemba 1698, Waarabu walipopanda kuta, aliyebaki ndani ni kapteni Leandro Barbosa Soutomaior, watu tisa na padri mmoja. Siku saba baadaye msafara wa msaada kutoka Goa ulitokea mlangoni mwa bandari, ukaona bendera ya Omani juu ya ngome, ukageuka ukaenda zake.

Hizo siku saba zimewapendeza sana wasimulizi, na wengine wametaka tuamini kwamba, lau upepo ungalikuwa mwema zaidi, taarikhi ya Afrika ya Mashariki ingalikuwa nyingine. Mimi siamini hata kidogo. Msaada ulikwisha kufika mara mbili kwa wakati wake, katika Disemba 1696 na Septemba 1697, na mara zote mbili ulichofanya ni kuleta watu wengine wa kufa. Hapana dalili yoyote ya kwamba msaada wa tatu ungaliweza kufanya zaidi ya kuahirisha mwisho kwa miezi michache. Sharti la kwanza, basi, la kwamba mambo yangaliweza kwenda upande wowote, halikutimia.

Lakini hoja iliyo nzito zaidi si ya kubuni, kwa sababu historia yenyewe ilitufanyia jaribio. Baada ya 1718 Omani iliingia katika fitina ya wenyewe kwa wenyewe juu ya uimamu, na fitina hiyo ikavuka bahari hata Mombasa, ambapo askari wa ngome waligawanyika na kupigana. Mfalme wa Pate, ambaye mababu zake walikatwa vichwa na Wareno, sasa alichoshwa na Waarabu, akafanya mapatano na Goa. Na tarehe 16 Machi 1728 Wareno, chini ya Luis Mello de Sampaio, wakaitwaa tena Ngome ya Yesu kwa urahisi usiofanana kabisa na mateso ya miezi ile 33. Unguja na Pate zikawakubali. Kile kilichopotea 1698 kilirudi chote, na kwa bei ndogo. Tukio lililofutwa namna hii laweza kuitwa ushindi, tena ushindi mkubwa, lakini mgeuko siyo.

Sasa tutazame jinsi walivyokitumia walichokipata. Walikuwa na ngome, mizinga na bandari. Omani ilikuwa imeshughulika na damu yake yenyewe, wala haikuweza kuleta merikebu hata moja. Kama ngome ndiyo iliyokuwa siri ya utawala wa pwani, Mreno angalikaa. Badala yake, waliwachosha wenyeji kwa kiburi na kwa madai yao, hata Aprili 1729 watu wa Mombasa wakainuka kwa pamoja, wakawaua waliokuwa nje na kuwafungia ndani waliosalia. Safari hii hapakuwa na Mwana Fatuma wa kuleta mtama wala Bwana Daud wa kusimama ukutani. Tarehe 26 Novemba 1729, baada ya miezi ishirini tu ya utawala wao mpya, Wareno walisalimu amri kwa njaa, wakapewa ruhusa ya kwenda zao Msumbiji. Ndipo watu wa Mombasa walipopeleka ujumbe Omani kuomba hifadhi, na kutoka katika maombi yao wakaja kupata maliwali wa Kimazrui, waliokuja kuitawala Mombasa kwa karibu miaka mia moja.

Yafaa nisiidhulumu 1698. Siku ile iliwapa Waomani makao ya kudumu, wakaweka askari Mombasa, Unguja na Kilwa, na Goa haikupata nafasi ya kurudi mpaka Omani yenyewe ilipofarakana. Lakini mipaka ya ushindi huo nayo inasema neno: kusini ya Rasi Delgado, kisiwani Msumbiji, ambako Waarabu walijaribu na kushindwa mnamo 1670, Mreno alibaki. Na sababu ya kutorudi kwake Mombasa baada ya 1729 iko mbali zaidi, kwa kuwa Wamaratha walikuwa wakimbana Bara Hindi, wakamnyang'anya Bassein mwaka 1739, na dola isiyoweza kuulinda mlango wake yenyewe haina merikebu za kupeleka Afrika.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Nguvu za bahari ziligeuka Januari 1650, Maskati. Shauri la pwani lilikatwa Novemba 1729, Mombasa, na waliolikata ni wenyeji. Kilichotokea Disemba 1698 ni tokeo la lile la kwanza, nalo lilibatilishwa kabla ya lile la pili, na mwalimu anayetaka kuwapa wanafunzi wake tarehe moja tu ya vita hivi atafanya vyema kuwapa ya 1729.